Barua kwa majirani: tuyatoe mahindi shambani kabla ya mvua

Ndugu zangu, wazee wenzangu, akina mama na vijana wa vitongoji vyote,

Mmesikia wenyewe redioni kwamba Mamlaka ya Hali ya Hewa inatarajia mvua kubwa. Juzi nilizunguka mashambani nikakuta mahindi mengi bado yamesimama, na wenyewe wako kwenye mabani wanahangaika na tumbaku. Nawaelewa, maana hapa kwetu Urambo tumbaku ndiyo ada ya watoto. Lakini ugali wa mwaka mzima uko kwenye yale mabua, nami nawaomba siku tatu tu.

Wengi mnanijibu, "Mzee, bado yana maji, acha yakaukie shambani." Hindi likishakomaa halipokei tena kitu kutoka kwenye bua. Linalosubiri pale ni kukauka tu, na hilo tunaweza kulifanyia nyumbani. Chukua hindi moja, banjua punje katikati ya gunzi, kisha kwangua kwa kucha kitako cha punje, pale ilipokuwa imeshikana na gunzi. Ukiona doa jeusi, limekomaa. Kama bado ni jeupe, liache.

Msianze popote tu. Tangulieni na mabua yaliyolala, maana hindi likigusa udongo linaoza au kuota. Halafu yale ambayo ncha ya ganda imefunuka na hindi linatazama juu, kwa sababu maji yanaingia humo kama kwenye kikombe. Yaliyoinama, yenye ganda lililobana hadi nchani, hayo ndiyo yenye subira, yawe ya mwisho.

Mkifika nyumbani, menyeni maganda siku hiyohiyo. Msiyalundike. Mwaka jana nililundika yangu chumbani nikingoja jua. Siku ya nne nilipenyeza mkono katikati ya lundo nikakuta joto kama la mwili wenye homa, na harufu ya uchachu. Tulipolifungua, magunzi ya ndani yalikuwa na ukungu wa kijani. Nilipoteza magunia manne, na hata kuku sikuwapa.

Sikuwapa kwa sababu ya sumukuvu. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Haina harufu wala ladha ya kukuonya, na kuchemsha ugali hakuiondoi. Punje zenye ukungu chambueni mapema, lakini kinga yenyewe ni kukausha haraka.

Jengeni kichanja cha miti, kiinuke kutoka ardhini kama mita moja, upana usizidi mita moja ili upepo upite hadi katikati. Ubavu mrefu uelekezwe upepo unakotoka, juu muezeke nyasi au turubai, lakini pembeni msizibe. Humo mahindi yaliyomenywa yataendelea kukauka hata siku za mawingu, ingawa polepole. Jua likitoka, anikeni juu ya turubai, si chini kwenye vumbi, tabaka lisizidi vidole vitatu, na mgeuze kila baada ya saa moja. Wingu likitanda, anueni kabla ya tone la kwanza.

Sasa, utajuaje yamekauka? Pukuchueni kidogo. Tafuteni chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, jazeni punje hadi robo, mtie vijiko vitatu vya chumvi iliyokaushwa juani, mfunike na kutikisa dakika moja. Mwache itulie kama robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, rudisheni juani. Isiponata, msikimbilie kufunga mifuko: chupa haiwezi kuwaambia kama mmefika asilimia 13 tunayoitaka kwa kuhifadhi, hivyo zipeni punje jua la siku moja au mbili zaidi. Mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa inafaa sana kwa dumuzi, mdudu ambaye Afrika ilimtambua kwanza huku kwetu Tabora, lakini mkitia mahindi mabichi humo mtakuwa mmefungia uozo ndani.

Mtu akilalamika kwamba gunia lake limepungua, mwambieni hivi: kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 25 zikikauka hadi 13 zinabaki kama kilo 86. Zile 14 zilizotoka ni maji.

Kesho alfajiri vijana wa kila kitongoji wakutane kwa balozi wao. Tutaanza na mashamba ya wajane na wagonjwa, hasa yaliyoko mbugani, kisha kila nyumba ipelekewe watu wa kusaidia kwa zamu. Ambaye hana turubai aje ofisini kesho jioni tumwandike, tutaazimana. Chupa yangu na chumvi kavu viko barazani kwangu, leteni kisahani cha mahindi saa yoyote.

Mwenyekiti wenu wa kijiji