Dada, shairi la kadi ya mjukuu

Dada yangu, shikamoo.

Shairi mlilotunga na shemeji nimelisoma kwa sauti mara tatu. Mnataka liimbike, na ndiyo maana naandika. Mmeanza hivi:

Mjukuu wetu leo umefikisha miaka mitatu,
Tunakuombea kwa Mungu afya njema na umri mrefu.

Tuhesabu mizani. Ile "m" ya "mjukuu" husimama peke yake, kwa hiyo m-ju-ku-u ni nne. Mshororo wa kwanza una 19, wa pili 20. Mtu mzima hupata pumzi ya kuumaliza, lakini mtoto wa miaka mitatu huwa keshageukia zawadi. Halafu vina: "tatu" na "refu" zinaishia kwa "u" zote mbili, ila kina chetu ni silabi nzima. "Tu" na "fu" hazijakutana. Ukiimba utasikia mahali ulimi unapojikwaa.

Mimi ningechukua umbo la utenzi: mishororo minne, kila mmoja mizani nane, mitatu ya kwanza ikiwa na kina kimoja na wa nne ukiachwa na chake. Unaenea kwenye kadi hata ukiandika kwa herufi kubwa. Umri mrefu muuombeeni katika dua, maana yeye bado haujui. Kwenye kadi wekeni analolijua. Uliniambia ameanza kuvaa viatu mwenyewe, na nilifurahi mno, kwani hicho ndicho kina mlichokuwa mnakitafuta!

Mjukuu, ua letu,
Leo wafika mitatu,
Wajivalia viatu,
Njoo mbio tukubebe.

Hesabu kwa vidole: wa-ji-va-li-a ni tano, vi-a-tu tatu, jumla nane. Nimeandika "wafika" badala ya "umefikisha" ili kuokoa mizani mbili. "Letu" na "tukubebe" zinatosha kuonyesha kwamba ni nyinyi wawili mnaosema, bila kutaja bibi na babu ndani ya ubeti. Hayo yakae chini, kwenye sahihi.

Mkitaka jina lake pale penye "Mjukuu", hakikisheni lina mizani nne. Likiwa na tatu, tangulizeni "We". Likiwa na mbili, "Ewe" itajaza. Lisikatwe ili litoshe; mtoto hulitambua jina lake likiwa zima.

Mwakani ubeti huu hautafaa kwa kubadili neno moja tu. "Minne" nayo ina mizani tatu, mi-n-ne, kwa hiyo urefu utabaki uleule, lakini kina kitakuwa "ne", na "letu" na "viatu" vyote vitalazimika kuondoka. Mtatunga upya, nami nitafurahi kuusoma.

Siku yenyewe shemeji asome mishororo mitatu ya mwanzo, polepole, akimwonyesha viatu vyake kwa kidole. Wa nne uusome wewe, umekaa mbele yao hatua chache, mikono umeshainyoosha.