Dawa yako ya presha iangaliwe kabla hujabeba mimba

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mimi ni nesi kliniki ya wajawazito na kuna kitu kinaniuma kweli.

Juzi kati alikuja dada mmoja, mimba wiki 22, hudhurio la kwanza, ultrasaundi inaonyesha maji ya mtoto yamebaki kidogo sana na chupa haijapasuka. Nikamwambia hebu toa kwenye pochi dawa zote unazokunywa. Ikatoka bahasha imeandikwa 1x1, ndani losatani miligramu 50, anakunywa mwaka wa tatu sasa, kila mwezi anaenda kuchukua na hajawahi kuulizwa kama anategemea kuzaa.

Jamani, yale maji kuanzia kama mwezi wa nne sehemu kubwa ni mkojo wa mtoto mwenyewe. Hii dawa inapita kwenye kondo inamfikia, presha ndani ya figo zake inashuka, hakojoi, maji yanakauka, mapafu hayapati nafasi ya kukua, fuvu halikomai vizuri, wengine wanafia tumboni au wanazaliwa figo hazifanyi kazi. Sio losatani peke yake, soma jina kwenye boksi, likiishia na s-a-r-t-a-n au p-r-i-l, kama enalaprili na lisinoprili, ni mambo yaleyale, na zingine zimechanganywa na dawa nyingine ndani ya kidonge kimoja kwa hiyo soma majina yote.

Sasa wengi wetu tunajua tuna mimba imeshafika miezi miwili, kliniki tunaanza ya tano, ndo maana nasema nenda kabla hujaacha uzazi wa mpango. Daktari atakubadilishia, methildopa au nifedipini ile ya kufanya kazi taratibu au labetalo, halafu mnapima wiki kadhaa muone presha imetulia. Usiache mwenyewe tu ukakaa bila dawa, presha ikipanda nayo inaua mama. Mwenye kisukari au figo zinazovujisha protini wakati mwingine daktari anamwacha na dawa yake ileile mpaka kipimo cha mimba kisome, ila hapo lazima ujipime mara tu siku zikichelewa, na hilo mkubaliane mapema.

Na kama mimba imeshaingia ni changa, usikimbilie kuitoa kwa hofu, madhara makubwa yanayojulikana ni ya kuanzia mwezi wa nne kwenda mbele. Nenda leo hii ubadilishiwe.

Yule dada tulimbadilishia siku ileile, baada ya wiki mbili maji yakawa yameongezeka kiasi, si kwa kila mtu yanarudi. Alipojifungua tulikuwa tunapima kila nepi kwenye mzani, mtoto alikojoa saa kumi alfajiri na mama yake akalia.

Nesi, Morogoro