Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mfuko wa Misiba na Wazee Wetu Upareni

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua: vikao vinne, misiba mitatu tuliyosafirisha hadi nyumbani, harambee ya paa la zahanati. Sitazirudia.

Niseme kuhusu uamuzi uliozua maneno kwenye kundi letu la wasapu, wa kutoa 2,400,000 kwenye mfuko wa misiba ili kumlipa kijana mmoja 200,000 kwa mwezi awazungukie wazee 11 ambao watoto wao wote tuko Dar es Salaam. Nimeambiwa nimevunja katiba. Katiba inataja msiba na dharura ya mzazi wa mwanachama, na hii ni dharura.

Nilipanda mlimani mwenyewe kwa nauli yangu. Mama mmoja wa miaka 78 alikuwa ameandikiwa kidonge kimoja cha presha kila siku. Mwezi ulikwisha, nusu ya vidonge bado vipo. Anavimeza siku kichwa kinapomuuma tu, na presha hupanda bila kichwa kuuma. Mwanawe akipiga simu anajibiwa, "Mimi mzima, mwanangu." Pesa anatumiwa, ila namba ya siri inabidi amtajie wakala, na pesa hiyo haishuki bondeni kuleta kuni. Sera inawapa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo matibabu bure. Zahanati ipo, lakini kuifikia ni kushuka na kupanda mlima kwa miguu.

Ndiva inayokinga maji ya mashamba nayo imejaa tope. Msaragambo ukiitishwa wanakuja wazee wenye majembe, vijana hakuna, kwa hiyo maji yaliyokingwa usiku hayatoshi kufika mashamba ya chini. Bibi aliyekuwa akivuna maharage ya kumwagilia sasa ananunua dukani.

Kijana wetu analeta kuni na maji, anawapeleka kliniki kwa bodaboda, na kila wiki anahesabu vidonge. Nilisisitiza ahesabu, asiulize, kwa sababu mzee akiulizwa husema amemeza. Dawa za yule mama sasa zinaisha kwa wakati. Tumezoea kukodi basi zima kumzika mzazi ambaye akiwa hai hakuna aliyemkatia kuni. Hilo nimelikataa na nitaendelea kulikataa.

Wanaolalamika walikuwa wapi siku ya kupiga kura? Kati ya wanachama 64 walikuja 19, na 17 waliunga mkono. Ada zisizolipwa ni 1,860,000. Baadhi ya wadaiwa ndio wenye wazazi kwenye orodha ya wale 11, na wazazi hao hatujawaondoa.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia kupata kijana wa pili na kuangalia uwezekano wa kulipa vibarua wazoe tope la ndiva kabla ya mvua za vuli. Mhazini anapokea ada kila Jumapili baada ya ibada.

Mwenyekiti