Barua ya wazi kwa vijana wa mwaka wa kwanza wa uandishi: ile sura ya vigezo na maadili

Wanangu, salamu nyingi.

Nimesikia mmepewa sura ya vigezo vya habari na maadili muisomee mtihani, na wengi wenu mnaikariri kama jedwali la kuzidisha, ukaribu, upya, umaarufu, athari, mgogoro, maajabu, basi. Mimi nimekaa dawati la habari mpaka nikastaafu, na ninachojua ni kwamba mtihani mtafaulu ila siku mhariri anapiga simu kila dakika mbili anataka stori hiyo orodha haitawaambia mfanye nini. Kwahiyo nimeikata nikaifanya maswali ya kutiki, na baadhi nimeyawekea visa.

Kwanza mjue vigezo vilitoka wapi, maana hapo ndo watu wanapotea. Mwaka 1965 Johan Galtung na Mari Holmboe Ruge, watafiti wa Norwe, waliangalia magazeti manne ya kwao yalivyoandika migogoro ya Kongo, Kuba na Saiprasi, wakatoka na vigezo 12. Ndio, Kongo hii hii jirani yetu. Sasa wale hawakuwa wanafundisha jinsi ya kuandika habari nzuri, walikuwa wanaeleza magazeti huwa yanachagua nini, na mwisho wakashauri waandishi wajaribu kwenda kinyume kidogo na tabia hiyo. Walitoa mfano wa bwawa: ujenzi wake hauandikwi, uzinduzi unaandikwa, sababu ujenzi unaenda polepole kuliko gazeti la kila siku. Kwahiyo kigezo kinakwambia kwa nini stori itasomwa, hakikwambii kama uiandike wala uiandikeje. Ndo maana cheklisti zangu ni mbili.

Ya kwanza ni kabla hujatoka ofisini:
- Inamgusa nani, na huyo mtu kesho atafanya nini tofauti akishaisoma?
- Kipya ni kipi, au ni ya jana imebadilishwa shati?
- Ninachokimbilia ni jambo lenyewe au jina la mkubwa aliyepo?
- Nyuma yake kuna kitu gani kilichokuwa kinaenda polepole?

Tuseme waziri anakuja kuzindua kisima kijijini. Jina kubwa lipo, picha ipo, hotuba utapewa imeshachapwa, yani stori imejiandika. Wewe nenda na hilo swali la nne. Pampu inatumia dizeli au sola, mafuta atanunua nani, ndoo itauzwa bei gani, na kile kisima cha zamani pale pembeni kilikufa kwa sababu gani? Mara nyingi jibu la hilo la mwisho ndo habari, na waziri anashuka aya ya nne huko.

Cheklisti ya pili ni kabla hujabonyeza tuma, na hapa nitakaa.

Namba kwanza. Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka Ziwa Viktoria karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Ndani walikuwa watu 43, abiria 39 na wafanyakazi wanne. Mapema Mkuu wa Mkoa akasema 26 wameokolewa, baadaye siku ile ile waliofariki wakafika 19. Haya chukua kalamu, 26 na 19 ni ngapi? 45. Ndege ilikuwa na 43. Kulikuwa na stori zilizobeba namba zote hizo, na kumbe waliopona walikuwa 24. Sisemi mtu alidanganya, kwenye ajali anayepokelewa hospitali si lazima awe abiria, waokoaji nao wanaumia, na watu wanahesabiwa mara mbili wakihamishwa wodi. Kosa ni la mwandishi anayeibandika namba bila mwenyewe na bila saa.

Kwahiyo tiki hivi: namba hii kasema nani, saa ngapi, na anahesabu nini, abiria, waliotolewa majini au waliofika hospitali? Alafu jumlisha mwenyewe. Ikigoma kujumlika usichague unayoipenda, piga simu tena, na kama hujapata jibu andika zote mbili na wenyewe wake na useme wazi hazilingani.

Na siku hiyo hiyo ilisemwa marubani wako hai na wanawasiliana kutoka kwenye chumba chao. Wote wawili walifariki. Mnaona, mtu mwenye cheo akisema hali ya mtu ambaye bado hajaonekana kwa macho, wewe andika kuwa yeye amesema, usiandike kuwa ndivyo ilivyo. Kuna mke nyumbani anasoma hiyo sentensi.

Jina la marehemu: familia imeshaambiwa? Na nani? "Naona liko kwenye magrupu ya wasap" hilo sio jibu. Kama hujui, subiri hata kama wenzako wameshatoa.

Jina la mtoto, hapa wengi mnadhani kulificha jina inatosha. Tuseme binti amebakwa. Gazeti moja linaandika ni mwanafunzi wa darasa la sita kwenye shule fulani ya kata fulani, jina limefichwa vizuri. Redio haitaji shule ila inasema baba yake ni mwalimu mkuu wa hapo hapo kijijini. Kila mmoja anajiona kafuata maadili, na jioni kijiji kizima kimeshamjua mtoto kwa kuunganisha tu. Kwahiyo swali sio "nimeficha jina?", swali ni jirani yake akisoma hii na akachanganya na alichosikia kwingine, atamjua? Toa shule, toa kazi ya mzazi, toa jina la kata na ubakize wilaya tu. Na mtuhumiwa akiwa ndugu, usiandike undugu wao, maana ukimtaja yeye na undugu umemtaja mtoto.

Picha. Januari 2019, shambulio la hoteli ya DusitD2 Nairobi, gazeti la New York Times liliweka picha ya miili ya watu waliouawa wakiwa mezani. Wakenya walikasirika sana, Baraza la Habari la Kenya likataka itolewe, gazeti likajitetea kwamba wasomaji wanapaswa kuona ukatili wenyewe ulivyo. Mimi hoja hiyo siidharau, vita vingine dunia isingeamini bila picha. Ila jipime: kuna mtu atamtambua huyu kwa nguo au mkao? Picha nyingine inaeleza jambo lile lile? Na kama maiti ingekuwa ya mtaani kwangu ningeiweka? Pale Nairobi hilo la tatu ndo watu walikuwa wanauliza, na kusema kweli sikuona jibu la kuridhisha.

Haki ya kujibu msiifanye kama kugonga muhuri. Kumpigia mtu saa 12 jioni wakati ukurasa unafungwa saa 12 na nusu alafu ukaandika "hakupatikana" huko ni kujikinga wewe. Mpe tuhuma yenyewe kwa maneno, sio "nina maswali machache", mpe muda wa kutafuta karatasi zake, na ukiandika hakupatikana sema ulimtafuta kwa njia gani na lini.

Bahasha sina mengi. Ukipewa "nauli" na mwenye hafla mwambie mhariri kabla hujaandika, na akisema chukua tu, hiyo stori iombee mtu mwingine aandike.

Mkitaka kufanya mazoezi chukueni gazeti la leo, stori yoyote ya ajali, mtafute kila namba iliyomo na mwandike pembeni kasema nani na saa ngapi. Zitakazobaki bila mwenyewe nileteeni Jumamosi tuzipitie.

Mzee wenu wa dawati la habari