Salamu za mkesha wa mwaka: saa 6 itukute tumepiga magoti

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Tunawasalimu kutoka Tanga, ninyi wa Makorora na Mabawa, wa Chumbageni, Duga na Mikanjuni, na watoto wa Tanga mliotawanyika kutafuta riziki. Kaskazi imeshika, maembe yamejaa sokoni, nguo za Krismasi zimeshafuliwa na kuanikwa. Zimebaki siku chache tu, kisha tarehe 31 Desemba tutakusanyika tena kuuaga mwaka mbele za Mungu. Majirani zetu Waislamu, nanyi tunawasalimu kwa heshima. Usiku ule mnatuvumilia sana, na hapa chini tumeandika pia jambo la kupunguza kelele zetu.

Mkesha wetu una mambo matatu yanayotegemeana: shuhuda, agano na maombi ya saa 6 usiku. Kinachoumia mara nyingi ni agano. Shuhuda zinapendwa, na saa 6 inajileta yenyewe hata tusipoiandaa. Agano limekaa katikati, likiliwa muda pande zote mbili, mpaka linasomwa harakaharaka huku watu wakichungulia simu. Ndiyo maana salamu za safari hii tunazielekeza hapo.

Tuhesabu pamoja. Chukua ibada inayoanza saa 3 usiku. Sifa na maombi ya kufungua yanakwenda hadi saa 3:40. Kiongozi anasema, "Mwenye ushuhuda apite mbele, dakika tatu tatu." Wanapanga mstari watu 20. Kwa hesabu ya mdomoni hiyo ni saa moja, lakini kila mmoja anatoka kwenye benchi, anasalimia, anaanzisha pambio, na akimaliza watu wanapiga vigelegele. Dakika tatu zinakuwa tano. Watu 20 kwa dakika tano ni dakika 100, kwa hiyo shuhuda zinaisha saa 5:20. Mahubiri ya nusu saa yanatufikisha saa 5:50. Zimebaki dakika kumi za kutubu, kuweka agano na kuomba. Hakuna aliyekosea kwa makusudi, ila jambo lililowatoa watu nyumbani usiku huo limepewa makombo.

Wachukue wanane badala ya 20, kwa dakika zilezile tano. Shuhuda zinaisha saa 4:20, mahubiri saa 4:50. Hapo kanisa lina dakika 20 za ukimya na kujihoji, dakika 25 za agano, na maombi yanaanza saa 5:35 bila mtu kukimbizwa. Wale 12 waliobaki wasinyimwe, wapangiwe Jumapili za Januari. Ushuhuda wa kweli hauchachi kwa kulala wiki mbili.

Wanane hao wapatikane mapema, kati ya tarehe 27 na 30, na mzee wa kanisa amsikilize kila mmoja faraghani kwanza. Tunajua wapo wanaoona kufanya hivyo ni kumzuia Roho. Hatukubaliani nao, kwa sababu tumeona madhara yake kwa watu. Mtu anasimama kumshukuru Mungu kwa ndoa yake iliyopona, na katikati ya shukrani anayataja maradhi ya mwenzake ambaye yuko benchi la tatu na hakuombwa ruhusa. Neno hilo likishatoka kwenye kipaza sauti halirudi. Mwingine anasema amepona shinikizo la damu na dawa ameziacha. Huyo aulizwe kwa upole, kabla ya mkesha: umepimwa tena? Daktari amekuambia uache? Kama bado, basi ashukuru kwa nafuu aliyopata na aendelee na dawa, maana waliokaa mbele yake wapo wenye ugonjwa uleule, na kesho asubuhi watamfuata. Ushuhuda unaofaa hueleza hali ilivyokuwa, Mungu alivyotenda na hali ilivyo sasa. Ukianza kusikia "adui zangu walidhani", ujue umeshageuka kuwa kusemana.

Sasa agano lenyewe. Mkesha wa namna hii ulikuwepo kwa Wamoravian wa Ujerumani, na kwa Wamethodisti wa Uingereza ulishika kwanza kati ya wachimba makaa wa Kingswood, karibu na Bristol, waliozoea kumalizia Jumamosi usiku kwenye pombe, kisha wakaanza kuutumia usiku kwa maombi. Mwanzoni mikesha yao iliwekwa Ijumaa iliyo karibu na mwezi mpevu, ili watu waone njia wakirudi makwao. Ibada ya agano ilikuja baadaye. Tarehe 11 Agosti 1755, huko Spitalfields, London, kiongozi wao John Wesley aliwasomea watu agano, na waliosimama kuonyesha kwamba wamekubali walikadiriwa kuwa 1,800. Tunalotaka mlione ni maandalizi yake. Alianza kulitaja siku ya Jumatano. Akalieleza asubuhi kadhaa mfululizo, Ijumaa wengi wakafunga, ndipo Jumatatu jioni wakasimama. Agano halikuwashukia watu kama tangazo la mwisho wa ibada.

Kwa hiyo kanisa linaloweza, lisome maneno ya agano Jumapili ya mwisho kabla ya mkesha, liyaeleze, na kila nyumba iondoke na nakala. Asiyeweza kuyasema kwa moyo awe na nafasi ya kujua hivyo akiwa kwake, bila macho ya watu. Mhubiri sura ya 5 anasema ni heri usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Usiku wenyewe, kiongozi aseme wazi kwamba kusimama ni hiari, na kwamba mgeni au mtu asiye tayari abaki ameketi bila kuonewa haya. Watoto wadogo msiwasimamishe kwa kuwabonyeza mabegani.

Katika zile dakika 20 za ukimya, kila mtu apewe nusu karatasi na kalamu yake. Kalamu ndicho kitu kidogo kinachoharibu saa hii. Zikiwa chache, moja kwa watu watatu, wawili wanasubiri, wakisubiri wananong'ona, na ukimya umekwisha. Kununua boksi mbili za ziada ni nafuu kuliko hasara hiyo.

Na kinachoandikwa kiwe kitu cha kushikika. "Mwaka huu nitamcha Mungu zaidi" ni maneno mazuri, lakini ukifika Machi huwezi kujua kama umeyatimiza au umeyavunja. Tuchukue mtu anayedaiwa 40,000 na mama muuza samaki pale Deep Sea, deni la tangu Mei, na siku hizi akimwona anapita njia nyingine. Huyo akiandika "nitakuwa mwaminifu" amejificha tena. Aandike hivi: "Tarehe 2 Januari nitamwendea nimwombe radhi kwa kumkwepa. Nitamlipa 10,000 kila mwisho wa mwezi, Januari hadi Aprili." Ina mtu, ina tendo, ina tarehe, na imepimwa na mfuko wake. Angeandika atalipa zote kesho wakati hana, angekuwa ameongeza uongo juu ya deni. Kama hata hiyo 10,000 haimo, aandike 5,000 hadi Agosti, na amwambie mama huyo hivyo hivyo.

Karatasi hizo zisikusanywe, wala zisisomwe hadharani. Kuna makanisa yanayozichoma moto. Karatasi ya toba mtu anaweza kuichana apendavyo, lakini ya agano ni shahidi. Yoshua pale Shekemu alisimamisha jiwe kubwa chini ya mwaloni ili libaki likiwashuhudia watu, hakulitupa mtoni. Karatasi ikunjwe, iwekwe ndani ya Biblia, na mtu mmoja unayemwamini ajue imo, akuulize ikifika Pasaka.

Tukifika saa 5:35 maombi yanaanza, na yanaanza kwa sauti: nchi, mji, wagonjwa, waliofiwa mwaka huu wakitajwa majina. Saa 5:50 kipaza sauti kizimwe. Hili ndilo tulilowaahidi majirani, lakini faida yake ni yetu pia. Nje, honi za bodaboda na fataki zinaanza hata kabla ya saa, na watoto wanagonga masufuria. Kiongozi akisikia anapandisha sauti, fundi wa vyombo naye anaongeza, spika zinaanza kupiga mluzi, na kanisa zima linafungua macho. Vyombo vikizimwa, kila mtu anaomba kwa sauti yake ndogo, na ajabu ni kwamba kelele za nje zinasogea mbali. Unasikia aliyepiga magoti pembeni yako akivuta pumzi.

Kuhesabu "kumi, tisa, nane" tunaomba tuachane nako. Aliyekuwa anatubu anasimama kuhesabu, simu zinapanda juu, na mwaka unaingia watu wakiwa wanapiga picha. Mtu mmoja tu ashike saa, iliyolinganishwa mapema, kwa sababu saa ya ukutani na za mikononi hupishana hata dakika tatu, na ndipo upande mmoja wa kanisa hupiga kelele kabla ya mwingine. Ikitimia saa 6, agonge kengele. Watu wabaki magotini, waseme Sala ya Bwana pamoja, polepole. Ndipo wainuke, washikane mikono: heri ya mwaka mpya, mama, heri ya mwaka mpya, baba, na vigelegele vije sasa, vije vyote.

Jenereta ijaribiwe tarehe 30 na ijazwe mafuta kabla ya ibada. Kumimina petroli kwenye jenereta lenye moto, gizani, na watoto wamelala kwenye mikeka karibu, ni kuita maafa. Wale watoto wafunikwe khanga nyepesi, mbu wa Desemba hawana huruma. Bajaji za wazee ziagizwe mchana, kwa bei iliyokubaliwa, maana hatuchagui usiku kwa mwezi mpevu kama wale wa Kingswood. Waendao kwa miguu watoke kwa makundi, wa Duga pamoja, wa Mikanjuni pamoja. Saa 6:30 milango ifungwe, asubuhi kuna ibada ya tarehe moja.

Na ninyi mtakaokuwa zamu, wauguzi wa Bombo, walinzi, wa bandarini, na wavuvi mliotangulia baharini: majina yenu yatatajwa ile saa 5:35. Nusu karatasi zenu na kalamu tutawapa watu wa nyumbani kwenu wawaletee.

Heri ya mwaka mpya.