Wateja wanalalamikia nini zaidi? Tunavyohesabu kutoka kwenye maandishi ya simu

Wafanyabiashara wengi wanaotufuata hapa Mwanza tayari wana maandishi ya simu za wateja wao. Simu zimerekodiwa, zimeandikwa, faili zimejaa kwenye kompyuta. Swali lao ni moja: katika yote haya, watu wanalalamikia nini zaidi, na kwa kiasi gani? Wengine wameshajaribu kujibu wenyewe kwa kubonyeza Ctrl+F, wakaandika neno na kuhesabu limetokea mara ngapi. Kwa Kiswahili njia hiyo inadanganya sana, na afadhali tueleze kwa nini kabla hujatulipa.

Tuchukue mfano tulioutunga wenyewe. Namba zake si za mteja wetu yeyote. Ni kampuni ya vifurushi inayopeleka mizigo Nansio, Sengerema, Geita na Bukoba. Kwa miezi miwili ina simu 1,800 zilizoandikwa. Mwenye kampuni ametafuta "haujafika" akapata simu 171, yaani chini ya moja kati ya kumi. Akashusha pumzi, akaona kuchelewa si tatizo kubwa.

Tatizo ni kwamba mteja husema "haujafika" pale tu anapozungumzia mzigo. Akisema kifurushi, kitakuwa hakijafika. Boksi halijafika, mizigo haijafika. Mwingine atasema "haujanifikia", mwingine "mpaka leo sijaupata", na wapo wasiotaja kufika kabisa: "Kaka, nimekaa stendi tangu asubuhi, gari limekuja tupu." Ukijifanya mjanja ukatafuta kipande "fik" ili ukusanye yote, utaletewa kila aliyesema rafiki, kila aliyefikiria, pamoja na mama aliyepiga kusema mzigo umefika salama na asanteni sana. Halafu kuna adabu zetu. Mtu atasalimia, ataulizia hali ya kazi, kisha aseme taratibu, "Naomba kuuliza tu, mzigo wangu umefikia wapi?" Hakuna neno hata moja la ukali hapo, lakini analalamika.

Kwa hiyo tunasoma. Hatusomi zote 1,800. Hapo mwenye kampuni angelipa bila sababu. Tunazipanga kwa tarehe na saa, tunachagua kwa bahati nasibu namba ya kuanzia kati ya 1 na 9, kisha tunachukua kila simu ya tisa. Tunapata 200 zilizotawanyika miezi yote miwili, asubuhi na jioni. Usimwachie mhudumu akuchagulie "zile zenye shida", maana atakumbuka waliomtukana.

Simu 40 za mwanzo tunazisoma bila orodha yoyote mkononi, tukiandika kila lalamiko kwa maneno ya mteja. Orodha inatoka humo, na kwa kawaida haifiki hata mafungu kumi na tano. Baada ya hapo wasomaji wawili, kila mmoja peke yake, wanasoma simu 50 zilezile na kuziweka kwenye mafungu. Wanapotofautiana ndipo kazi halisi ilipo. Katika mfano wetu wangegongana kwenye lile swali la "umefikia wapi": mmoja anaweka lalamiko, mwingine anaweka ulizo la kawaida. Tunaandika kanuni: kama siku aliyoahidiwa mteja imepita, ni lalamiko, kama bado, ni ulizo. Kisha zile 50 zinasomwa upya kwa kanuni hiyo. Wakiendelea kutofautiana kwenye fungu lilelile, fungu lenyewe ni bovu na linabidi livunjwe au liunganishwe na jingine.

Tunahesabu simu, si mara ambazo jambo limetajwa. Mteja akirudia "mmechelewa" mara saba ndani ya simu moja, ni moja. Akilalamikia kuchelewa na bei, anaingia mafungu yote mawili, ndiyo maana ukijumlisha mafungu unaweza kupita idadi ya simu.

Tuseme majibu yametoka hivi: katika simu 200, 70 hazina lalamiko lolote, ni watu wanaouliza bei na ratiba. Mzigo kuchelewa umo kwenye simu 62. Kutozwa zaidi ya bei iliyotajwa, 28. Simu kutopokelewa, 24. Mzigo kuharibika, 17. Mzigo kupotea, 4.

Kwenye ripoti hatuandiki kwamba asilimia 31 ya simu zinalalamikia kuchelewa, tukaishia hapo. Tunaandika "karibu simu 3 kati ya 10", na pembeni tunaeleza kwamba kwa sampuli ya 200, kiwango cha kweli kwenye simu zote yumkini kiko kati ya asilimia 25 na 37. Hata ukichukua ule upande wa chini, ni zaidi ya mara mbili ya kile Ctrl+F ilichomwonyesha mwenye kampuni. Lakini 28 na 24 ziko karibu mno. Hatutakuambia bei ni ya pili na simu kutopokelewa ni ya tatu. Tunaziweka pamoja, kila moja karibu simu 1 kati ya 8. Nne za kupotea tunaziita "chache" na hatuzipi asilimia. Kwa kuwa mzigo uliopotea ni jambo zito, hilo tunalitafuta kwenye simu zote 1,800, kwa "pote" na "sijui ulipo", kisha tunasoma kila iliyojitokeza.

Simu kutopokelewa ina kasoro yake pia. Aliyekosa kupokelewa kabisa hakuacha maandishi, hivyo 24 ni wale tu waliopata mtu mwishowe. Hapo tunaomba orodha ya simu zilizokosa kujibiwa tuilinganishe. Na anayesubiri mzigo hupiga mara tatu, nne; aliyezidishiwa bei hupiga mara moja akanuna. Kwa hiyo 3 kati ya 10 ni simu, si wateja. Ukitaka idadi ya wateja, tutahitaji namba ya kila kifurushi ili simu za mzigo mmoja zihesabiwe mara moja.

Angalia pia kipindi cha simu unazotupatia. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025. Ukichanganya simu za kabla ya hapo, magari ya Sengerema na Geita yalipokuwa yakingoja kivuko, na za baada yake, utapata wastani wa njia mbili tofauti. Mizigo ya Nansio bado inapita majini, kwa hiyo tunaitenga.

Unachopokea ni ukurasa mmoja wa mafungu na viwango, pamoja na mifano miwili mitatu ya kauli kwa kila fungu. Majina na namba za simu tunazifuta kabla msomaji hajaona chochote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu wewe na sisi pia. Kwa kuanzia ututumie maandishi, tarehe na saa ya kila simu, na orodha ya zile zisizojibiwa. Kama maandishi yametengenezwa na mashine, weka na sauti kumi hivi, maana mteja akichanganya Kisukuma mashine huandika vioja, na tunataka kujua ni kwa kiasi gani kabla hatujakupa bei.