Mheshimiwa Mbunge, tuonyeshe katika bei sehemu ya dola na sehemu isiyo ya dola

21 Machi 2024

Kwa Mheshimiwa Mbunge wetu,

Shikamoo, na nakutakia afya njema wewe na familia yako. Mimi ni mpiga kura wako, mama mwenye duka la rejareja katika mji wetu huu wa mpakani mwa Uganda na Kenya. Nimekuandikia barua mbili kabla ya hii na zote nilizikabidhi ofisini kwako kwa mkono wangu. Sikujibiwa. Ndiyo maana hii ya tatu naiweka mahali ambapo kila mtu ataisoma.

Jumanne wiki hii mama yangu alianguka jikoni. Ana miaka 67 na ana ugonjwa wa sukari, anajidunga insulini asubuhi na jioni, yuniti 36 kwa siku. Kliniki walimpima, sukari ilikuwa juu sana. Muuguzi akaniuliza kama anajidunga ipasavyo, nikaapa kwamba hakosi hata siku moja. Niliporudi nyumbani kuchukua nguo zake nikaikuta chupa ya dawa ndani ya jokofu. Niliinunua mimi mwenyewe tarehe 12 Februari. Chupa ina yuniti 1,000, na kwa yuniti 36 haifiki siku 28. Ilipaswa kuwa imekwisha zaidi ya wiki moja iliyopita, lakini bado ilikuwa na dawa ya siku kadhaa.

Nilipomuuliza alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mwanangu, nilikuona ukihesabu pesa ile siku." Tangu Februari alikuwa anavuta yuniti 24 badala ya 36, ili chupa ifike wiki sita.

Desemba chupa hiyo nilinunua kwa shilingi 28,000. Februari 30,000. Jumanne nimelipa 33,000. Kila nikiuliza sababu, jibu ni hilo hilo: dola imepanda.

Mheshimiwa, mimi ni mfanyabiashara. Dola inapopanda naijua kabla ya redio kusema, na sipingi kwamba shilingi yetu imeanguka. Wanaojua zaidi yangu wanasema wageni waliokuwa wamenunua dhamana za serikali wameziuza na kuondoka na dola zao. Sisi sokoni tunadhani pia mikopo mipya ya Benki ya Dunia iliyositishwa Agosti mwaka jana imetuachia pengo. Sababu halisi nawaachia wenye elimu. Ninachokuomba ni hesabu, kwa sababu hesabu ninayoifanya mimi dukani haifanani na ile ninayofanyiwa dirishani kwa muuza dawa.

Nianze na chumvi. Chumvi ninayouza inatoka pwani ya Kenya, nami nailipia kwa shilingi za Kenya. Januari, wabadilishaji fedha pale mpakani walinipa shilingi moja ya Kenya kwa 24 zetu. Wiki hii ni 29. Mwezi Februari Kenya walifanikiwa kulipa sehemu kubwa ya deni moja la nje lililokuwa linawatisha watu, shilingi yao ikapata nguvu, dola ikashuka kwao kutoka kama 160 hadi kama 135. Wakati huo huo dola kwetu ilikuwa inapanda. Wao walipanda ngazi nasi tukashuka, na mtu anayenunua kwao ameumizwa mara mbili. Bandali ya pakiti 20 za nusu kilo ni shilingi 360 za Kenya, na bei hiyo upande wao haijabadilika. Januari ilinigharimu 8,640 zetu. Leo ni 10,440. Kila pakiti imeongezeka shilingi 90, kabla ya kumlipa mbeba mzigo. Nilikuwa nauza 600, sasa nauza 700. Mteja akinung'unika namwonyesha kikokotoo, nazidisha mbele ya macho yake. Anaondoka na huzuni, lakini haondoki akidhani nimemwibia.

Sasa tuirudie insulini. Hiyo haiji kwa shilingi ya Kenya, inaagizwa kutoka mbali na kulipiwa kwa dola. Mwishoni mwa Desemba dola ilikuwa karibu 3,780. Wiki hii ni karibu 3,900. Hilo ni ongezeko la asilimia 3 na kidogo. Hata tukichukulia kwamba bei yote ya ile chupa ni dola tupu, bila kodi ya chumba, bila mshahara wa msaidizi, bila umeme wa jokofu, asilimia 3 ya 28,000 haifiki shilingi 1,000. Mimi nimeongezewa 5,000. Hizo elfu nne nyingine zimetoka wapi?

Nilimuuliza muuza dawa, kwa adabu, maana tunafahamiana. Hakunificha. Alisema muuzaji wa jumla humpa mzigo kwa mkopo wa siku 60, na mwagizaji naye anadaiwa dola na kiwanda cha nje kwa muda kama huo. Hakuna kati yao anayejua dola itakuwa shilingi ngapi siku ya kulipa. Kwa hiyo mwagizaji hapangi bei kwa dola ya leo, anapanga kwa dola anayoiogopa. Tuseme anaogopa 4,100. Muuzaji wa jumla naye anaogopa yake, anaongeza. Muuza dawa wa hapa anajua kwamba pesa atakazopata leo lazima zimnunulie chupa nyingine kesho kwa bei mpya, naye anaongeza. Hofu tatu zimepangwa juu ya chupa moja, na mama yangu ndiye anayezilipa zote.

Simlaumu yule muuza dawa. Nami chumvi naipangia bei kwa kuangalia nitakayonunua kesho, la sivyo duka litakwisha rafu moja baada ya nyingine. Uchungu wangu ni huu: dola ile ya 4,100 isipofika, elfu nne zangu hazirudi. Nina miaka 19 dukani. Mwaka 2015 dola ilitoka kama 2,800 Januari hadi karibu 3,700 Septemba, bei zikapanda nayo. Ilipotulia, za kwangu nyingi zilibaki pale pale kwa sababu wauzaji wa jumla hawakushusha. Kupanda hutumia wiki moja. Kushuka tunasubiri hadi tunasahau tulichokuwa tunasubiri.

Mafuta pia yanahitaji maelezo, kwa kuwa kila kitu hapa kinabebwa kwa lori au bodaboda. Kituo cha karibu na kwangu kilikuwa kinauza petroli 5,300 mwanzoni mwa Januari, leo 5,550. Nilikaa na mwanangu anayesoma tukapiga hesabu. Ndani ya kila lita kuna ushuru wa serikali wa shilingi 1,450, na huo haujali dola, ni ule ule dola ikipanda au ikishuka. Kinachofuata dola ni gharama ya kununua mafuta na kuyafikisha. Tukichukua kwamba ni senti 80 za dola kwa lita, basi kila dola inapopanda shilingi 100, lita inapanda shilingi 80. Dola imepanda 120 hivi, kwa hiyo sehemu yake ni kama shilingi 100. Zinabaki 150. Pipa la mafuta duniani lilikuwa chini ya dola 80 mwishoni mwa Desemba na sasa limepita 85, kwa hiyo huenda hizo 150 ni halali kabisa. Huenda. Tumekisia mama na mtoto mezani kwa taa, kwa sababu nchini kwetu hakuna karatasi inayosema lita moja imejengwa na nini.

Vuka mpaka uone. Kila tarehe 14 ya mwezi mamlaka yao ya nishati, EPRA, hutangaza bei za mafuta hadharani. Wiki iliyopita walipunguza petroli kwa zaidi ya shilingi 7 zao kwa lita. Pipa ni lile lile, meli zinatia nanga bandari ile ile ya Mombasa, malori yanayotuletea sisi yanapita katika miji yao. Shilingi yao imepata nguvu, raia akaiona nguvu hiyo kwenye pampu ndani ya mwezi mmoja. Siombi tupangiwe bei kama wao. Tuliacha kupanga bei ya mafuta tangu miaka ya 90, na nakumbuka walio karibu nami wakisema bei ikipangwa vibaya pampu hukauka. Naomba ile karatasi tu.

Mheshimiwa, ulisimama kwenye uwanja wa soko kabla ya uchaguzi wa 2021. Nilikuwa mstari wa mbele na mama yangu, alikuja na kiti chake. Ulisema kwamba utakuwa mdomo wetu Bungeni kuhusu bei za vitu. Ulisema utarudi kila miezi mitatu kutupa taarifa. Mwaka jana mlipopitisha sheria ya kuliruhusu shirika la taifa la mafuta kuwa mwagizaji, ulituambia redioni kwamba nafuu inakuja. Nimesubiri nafuu hiyo kwa heshima. Tarehe 6 mwezi huu Benki Kuu imepandisha riba yake kutoka 9.5 hadi asilimia 10 ili kuizuia shilingi isianguke zaidi. Naelewa sababu yao. Lakini chama chetu cha akiba na mikopo kimeshatuambia mikopo mipya itakuwa ghali zaidi, nami ninakopa ili kujaza rafu, kwa hiyo hata dawa ya ugonjwa huu wa shilingi naimeza mimi.

Najua huwezi kuishusha dola. Sikuombi hilo. Nilikuwa na maombi manne katika barua ya kwanza na mawili katika ya pili, sasa nimebaki na moja. Simama Bungeni uulize, ili kila mwezi wizara zinazohusika zituwekee wazi bei ya petroli na ya dawa chache ambazo mtu akizikosa anaanguka: imeingia nchini kwa dola ngapi, kwa dola ya shilingi ngapi, ushuru ni kiasi gani, kila mkono umeongeza kiasi gani. Kama petroli ni ngumu, anza na insulini peke yake. Karatasi moja, ibandikwe kwenye kila duka la dawa, ili nikiambiwa dola imepanda niweze kuuliza imepanda kwa shilingi ngapi katika chupa hii, na ikishuka niweze kurudi nayo mkononi.

Mama ameruhusiwa kutoka kliniki jana. Sasa ninamvutia dawa mimi mwenyewe, naangalia mstari wa sindano kwenye mwanga wa dirisha hadi ufike mahali pake. Kwa yuniti 36 kwa siku, chupa niliyonunua Jumanne haitafika tarehe 16 Aprili. Naomba uwe umeuliza kabla ya siku hiyo.

Wako kwa heshima,
Mpiga kura wako, mama wa duka la karibu na stendi